Gredi A ya nani? Kuhusu belo la nguo za watoto na muuzaji wa kumwamini

"Nipo Morogoro, nina mtaji wa laki nane, nusu yake nimekopa kwenye kikoba. Nataka kuanza mitumba ya watoto. Kuna dada kwenye Instagramu anauza belo la kilo 45 gredi A kwa laki tano na nusu, anasema lina vipande 350 vya uhakika na atanitumia kwa basi nikilipa nusu kwanza. Mwingine ni mzee wa godauni pale Ilala, yeye anataka laki sita na ishirini na amekataa kabisa kuniambia idadi ya nguo. Nitajuaje gredi A ya kweli, na nimwamini nani kati ya hawa?"

Dada yangu, usitume hela bado. Tuanze na hilo la idadi, kwa sababu naona limekufanya umtilie shaka yule mzee, wakati mimi ndilo lililonifanya nimtilie shaka huyo wa Instagramu.

Belo hufungwa kwa uzito. Kule kiwandani nguo zinarundikwa kwenye mashine, zinashindiliwa mpaka mizani isome kilo 45, zinavishwa mfuko, zinapigwa mikanda, basi. Hakuna anayekaa kuhesabu. Kwa hiyo mtu akikuhakikishia vipande 350 kwenye belo ambalo halijafunguliwa, ama limeshafunguliwa, ama hiyo idadi kaitunga. Na unaweza kuipima ukiwa hapo hapo nyumbani. Kilo 45 ni gramu 45,000. Gawa kwa 350, unapata kama gramu 128 kwa kila nguo. Sasa chukua mizani ya jikoni, ama nenda kwa jirani mwenye duka, upime nguo za mwanao. Fulana ya mtoto wa miaka minne ina kama gramu 100. Jinzi yake inakaribia 250. Sweta linazidi 200. Ukizichanganya, wastani wa gramu 128 hauji kirahisi, labda belo liwe la vichanga watupu au limejaa vinguo vyepesi sana. Mabelo yangu ya watoto wa miaka miwili hadi minane, mchanganyiko, mengi yametoa kati ya vipande 230 na 290. Yule mzee ana miaka mingi godauni, anajua kwamba akikuahidi namba utarudi kumdai, ndiyo maana amenyamaza. Angeweza kukupa makadirio, ni kweli, na ukimwuliza kwa upole "huwa yanacheza kati ya ngapi na ngapi?" naamini atakujibu. Ila kukataa kuahidi si kosa lake.

Sasa hiyo gredi. Watu wengi wanadhani A ni alama kama ya mtihani, kwamba kuna chombo kimekaa kikapitisha. Hakuna. TBS wanahusika na mitumba kwa upande wa afya, na ndio waliopiga marufuku nguo za ndani zilizotumika, lakini herufi iliyo kwenye belo hawaiandiki wao. Anaiandika aliyechambua. Nguo zikishakusanywa Ulaya, Marekani au Korea, hupelekwa kwenye viwanda vya kuchambua, vingine huko huko, vingine Poland, vingine Sharja au Karachi. Pale nguo zinapita kwenye mkanda mrefu, wachambuaji wamesimama pande mbili, kila mmoja na aina yake: huyu suruali, huyu blauzi, huyu watoto. Nguo moja inashikwa kwa sekunde chache tu. Inatazamwa shingo, kwapa, magoti, kisha inatupwa kwenye pipa lake. Zile nzuri kabisa, ambazo sisi tunaziita krimu, nyingi hazifiki kwetu kwa sababu zinauzwa madukani kule kule kwa bei ambayo hapa hatuwezi kuilipa. Zinazofuata ndizo A, kisha B, na zilizochoka kabisa hukatwa matambara ya kufutia mashine au husagwa.

Fikiria maana yake. Mchambuaji wa kiwanda kimoja akiona fulana iliyopauka kidogo anaitupa kwa B. Wa kiwanda cha pili, ambacho mwezi huo kimeahidi makontena mengi, anaipitisha kwa A. Hakuna aliyedanganya, kila kiwanda kina jicho lake. Ndiyo maana mfanyabiashara mzoefu hakuulizi "una gredi A?" Anakuuliza "una mzigo wa nani?" Anamaanisha nembo iliyochapwa kwenye mfuko. Akishafungua mabelo matatu ya nembo moja, anajua A ya kiwanda kile inafanana na nini, na hapo ndipo herufi inapoanza kuwa na maana.

Kuna jambo jingine ambalo herufi haisemi kabisa, nalo ni hali ya hewa ya mteja wako. Mchambuaji wa Poland anaangalia uzima wa nguo, haangalii Morogoro kuna joto kiasi gani. Sweta la sufu zito, zipu nzima, halina doa, kwake ni A safi. Kwako wewe sokoni mjini ni mzigo unaokula kilo za belo na kukaa. Mtu wa Makambako au Njombe akipata belo lile lile anashukuru. Kwa hiyo ukisikia mwenzako wa Iringa anasifia mzigo fulani, muulize ulikuwa na nini ndani kabla hujaukimbilia. Wewe una bahati kwamba Mgeta ipo juu ya milima yako hapo hapo na kule ni baridi. Masweta usiyachukie, tafuta mtu anayepanda gulio la Nyandira, muuzie yote kwa mkupuo hata kwa bei ya chini.

Nikuonyeshe belo moja kwa ndani, maana maneno matupu hayatoshi. Hili nililifungua mwenyewe, la watoto wa miaka miwili hadi minane, limeandikwa A, kilo 45, nimelinunua 520,000. Kwenye mizani lilisoma kilo 44 pamoja na mfuko na mikanda. Hiyo ni tofauti ya kawaida, lingesoma 41 ningelirudisha kabla ya kulikata. Nikatandika turubai, nikakata mikanda, nikaanza kuchambua nguo moja moja.

Nguo ya mtoto usiishike kama unavyoshika ya mtu mzima. Anza na shingo na kifua. Maziwa yakimwagika yakafuliwa vibaya, doa halionekani siku ile, linajitokeza baadaye kama wingu la njano, na halitoki hata kwa jiki. Kisha magoti, yatazame kwa kuinua suruali juu kwenye mwanga, maana goti lililolika linapitisha mwanga kabla halijatoboka. Kisha kiuno. Shika lastiki kwa vidole viwili, isogeze karibu na sikio, uivute taratibu. Ikiwa nzima, inarudi kimya. Ikiwa imekufa, utasikia mlio mdogo wa kukatikakatika kama majani makavu, na haitarudi yote. Suruali ya namna hiyo inaonekana mpya kabisa kwenye picha, ila mteja akiifua mara mbili itamvuka mtoto. Mwisho angalia saizi: nguo nyingi za Ulaya zimeandikwa 92, 104, 116, na hizo ni sentimita za urefu wa mtoto. 104 ni wa miaka minne hivi. Wengi wetu mwanzoni tunaziweka pembeni kwa kudhani ni namba za kiwanda, halafu tunakisia kwa macho na kumuuzia mama nguo isiyomtosha mwanawe.

Belo lile lilitoa vipande 262. Nikavigawa mafungu matano. La kwanza, krimu, vipande 38: vipya au kama vipya, vingine bado vina uzi wa lebo ya dukani. Hivi nilivitundika kwenye henga na vikaenda kwa 5,000. La pili, nguo nzuri zisizo na kasoro, 104, kwa 3,000. La tatu, za kawaida, zimepauka kidogo au zina vinyoya vya kufuliwa sana, 71, hizo nikazimwaga chini kwa buku jero. La nne, fagio, yaani mabaki yaliyochoka, 34, jero jero. La tano, 15, hazikuuzika kabisa: mbili chupi, ambazo hazitakiwi hata kuwemo, nyingine zina madoa au matundu.

Piga hesabu nami. Fungu la kwanza lilileta 190,000, la pili 312,000, la tatu 106,500, la nne 17,000. Jumla 625,500. Ukitoa bei ya belo, na kama 35,000 za usafiri, wabebaji, sabuni na pasi, nilibaki na 70,500. Unaweza kusema si haba. Lakini tazama muda. Mafungu mawili ya kwanza yaliisha ndani ya siku kumi. Yale mengine yalinichukua karibu mwezi mzima wa kuyamwaga na kuyaokota kila jioni. Na katika zile siku kumi, nguo nzuri zote zilipokwisha, nilikuwa nimeshika 502,000, yaani bado sijarudisha hata bei ya belo. Faida yangu yote ilikuwa imelala kwenye nguo za buku jero na fagio.

Watu hugawanya bei ya belo kwa idadi ya nguo zote, wanapata 520,000 kwa 262, kama 1,985 kwa nguo, wanafurahi. Hesabu hiyo inadanganya kwa sababu inazipa nguo mbovu thamani sawa na nzuri. Gawa kwa zile 142 za mafungu mawili ya kwanza, utaona kila moja imekugharimu kama 3,660. Na 104 kati yake nilikuwa naziuza 3,000! Ndipo nilipojiwekea kanuni ninayoifuata mpaka leo: krimu na nzuri peke yake zirudishe bei ya belo pamoja na gharama. Fagio na za kawaida ndizo ziwe faida. Kwa kanuni hiyo, belo lile halikustahili zaidi ya 467,000. Nililipa 53,000 zaidi, na sikudanganywa na mtu, nililinunua bila kujua nembo ile inatoa nini.

Sasa urudi kwa hao wauzaji wako wawili. Usiniulize kama laki sita na ishirini ni ghali, maana hatujui mafungu yake. Belo la bei hiyo lenye krimu 60 na nzuri 140 linakulipa, kwa bei zangu ni 720,000 kabla hujagusa fagio. Belo la laki tano na nusu lenye krimu 20 litakufilisi. Bei ya belo peke yake haikuambii kitu mpaka ujue nembo ile huzaa nini, na hilo utalijua kwa macho tu.

Njia ya kuliona ni rahisi kuliko unavyodhani, ila inahitaji uende mwenyewe. Kanuni ya magodauni mengi ni kwamba ukikata mkanda, belo ni lako. Usione ni ujeuri, kila mteja akiruhusiwa kukata na kuacha, mwenye mzigo atabaki na mabelo yaliyopasuliwa. Lakini mabelo ya kontena moja, nembo moja, aina moja, yamechambuliwa na mikono ile ile ndani ya siku zile zile, na kwa kawaida yanafanana kwa karibu. Hivyo mtafute anayefungua. Nenda Ilala siku ambayo mzigo umeshuka, omba ukae karibu na mnunuzi anayekata belo la watoto, hesabu mafungu yake kwa macho. Ukiridhika, mwambie mwenye godauni unataka ndugu yake lile, la kontena lile lile. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha, tena ataona unajua kazi. Akibabaika, hajui mzigo umetoka kontena gani, huyo si mwagizaji, ni mtu wa kati aliyenunua kwa mwingine. Si kosa kuwa mtu wa kati, ila hawezi kukuhakikishia ndugu wa belo lolote.

Kisha kagua lenyewe kwa nje, kwa sababu ya kuchakachua. Nilichakachuliwa mwaka wangu wa tatu, na aibu yake ni kwamba alama niliiona. Mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe pande tatu, upande wa nne uzi wa bluu. Nikauliza, nikaambiwa ulichanika bandarini. Nikakubali kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi basi. Nilipofungua, tabaka la juu na la chini zilikuwa nguo safi za watoto, katikati kote ni masweta ya shule na soksi za watu wazima. Mtu alikuwa ametoa krimu akajaza, akashona tena. Tangu siku ile nazunguka belo pande zote sita. Uzi uwe mmoja. Mikanda ilale kwenye mifereji yake, ukiona mfereji mwingine pembeni uliominywa na hauna mkanda, belo limewahi kuvuliwa. Kona ziwe zimesimama. Belo la mashine ukiligonga kwa ngumi linakujibu kama ukuta, la kushindiliwa kwa miguu lina kitambi. Hata hivyo ugumu peke yake usiuamini sana, maana mashine za kushindilia zipo hata mjini. Nusa pia. Harufu ya uvundo ina maana limenyeshewa, na maji yanaongeza kilo unazolipia. Halafu pima, kila mara, hata kama mwenye mzigo ni rafiki yako.

Kuhusu huyo dada wa mtandaoni, sitasema ni tapeli, simjui, na wapo wanaouza mtandaoni kwa haki. Lakini ana mambo matatu yanayonisumbua kwa pamoja: idadi ya uhakika kwenye belo lililofungwa, nusu ya pesa kabla hujaona, na bei iliyo chini ya godauni wakati naye lazima alinunue godauni. Mjaribu hivi. Muombe video moja isiyokatwa, kuanzia mikanda ikikatwa mpaka nguo ya mwisho, na nembo ya mfuko ionekane mwanzoni. Picha usizikubali, picha ni za tabaka la juu. Muulize godauni liko mtaa gani, kisha umwambie utamtuma ndugu yako aliyepo Dar aende kulipa mkononi. Aliye na mzigo kweli atafurahi kupata mteja anayekuja. Ukianza kulipia kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina la duka ni moja na jina la namba ni la mtu asiyehusika, acha hapo hapo. Na uombe risiti ya mashine ya EFD. Mfanyabiashara wa jumla anatakiwa kuitoa, na siku ukigombana naye hiyo ndiyo karatasi utakayoshika.

Kwa yule mzee, swali langu moja tu: wateja wake wa zamani wanasemaje? Usiwaulize kama ana mzigo mzuri, maana kila mtu ana mzigo mzuri siku fulani. Waulize belo likitoka baya huwa anafanya nini. Pesa hatarudisha, wengi hawarudishi, ila wapo wanaokupunguzia belo linalofuata au kukupa nafasi ya kuchagua kontena jipya likishuka. Mtu wa hivyo mlipie hata elfu ishirini zaidi, utaziona baadaye.

Nikiwa mkweli kabisa kwako, kwa mtaji wa laki nane ambao nusu ni deni, mimi nisingenunua belo mara hii ya kwanza, hata la mzee. Ningenunua kwa kuchagua. Soko la Karume, Dar, mabelo yanafunguliwa alfajiri, na wauzaji wa rejareja wanasimama kuzunguka wakiokota vipande. Wanaowahi wanalipa zaidi na wanachagua krimu, kadiri jua linavyopanda bei inashuka na ubora unashuka nao. Gikomba kule Nairobi ni hivyo hivyo, wao krimu wanaiita kamera na zilizobaki fagia. Tuseme umeamka usiku, umeokota vipande 60 vizuri kwa wastani wa 2,500, ni 150,000. Weka 40,000 za treni kwenda na kurudi, chakula na mbebaji. Ukiviuza kwa wastani wa 4,500 unapata 270,000, faida ni 80,000. Imezidi ile 70,500 yangu, kwa mtaji wa 190,000 badala ya 555,000, na nyumbani hakuna fagio lililobaki.

Ina ubaya wake. Lazima uwe Dar kabla ya alfajiri, kwa hiyo unalala huko kwa ndugu au unasafiri usiku. Wanawake wenye watoto wadogo wanachoka haraka. Utasukumwa, na mara ya kwanza utaokota nguo nane au kumi za ovyo kwa sababu mkono una haraka kuliko jicho. Tena ukitaka kukua mpaka uuze vipande mia tatu kwa mwezi, kuchagua hakutoshi, utahitaji belo. Lakini safari tatu au nne za kuchagua zitakufundisha nembo. Uwe na daftari dogo, andika kila belo ulilolisimamia likifunguliwa: nembo, herufi, bei ya godauni ukiipata, na krimu ngapi kwa makadirio. Baada ya mwezi mmoja na nusu utakuwa na mabelo kumi au kumi na tano kwenye daftari bila kununua hata moja, na utajua mwenyewe kama 620,000 za mzee ni haki.

Siku ya belo la kwanza usiende peke yako. Hapo hata mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Tafuta mtu anayeuza mitumba Morogoro mwenye angalau miaka mitano sokoni, asiyeuza za watoto ili msigombee wateja, umlipie nauli na chakula uende naye. Jicho lake kwenye uzi na mikanda litakuokolea zaidi ya hiyo nauli. Kikoba nacho, kabla hujanunua, kaa na mwenyekiti wako mpange marejesho yaanze wiki ya tatu au ya nne. Marejesho ya kila wiki kuanzia wiki ya kwanza yatakulazimisha uuze krimu kwa bei ya hasara.

Na kama ulishatuma kitu kwa huyo wa Instagramu kabla hujaniandikia, usingoje uone basi likifika. Piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu sasa hivi uombe muamala uzuiwe, maana pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vigumu sana. Tuma namba yake kwenda 15040. Kisha nenda kituo cha polisi na simu yenye mazungumzo yote, usifute hata moja, upewe namba ya RB. Kama hujatuma, mwandikie leo hii umuombe ile video.